Mafindofindo ya mtoto: virusi au bakteria, na lini antibiotiki inastahili

Mzazi akimulika koo la mwanawe kwa tochi ya simu, akaona madoa meupe juu ya mafindofindo yaliyovimba, huwa ameshaamua kabla hajafika kituoni: pana usaha, panataka antibiotiki. Utalikuta jambo hili Konde, utalikuta Chake Chake, utalikuta Mkoani, na baadhi ya wahudumu wa afya nao huamua hivyo hivyo. Lakini doa jeupe halisemi limeletwa na nani. Virusi kadhaa hulifanya koo liwe jeupe kiasi cha kumtisha mtu, na bakteria tunayemuogopa mara nyingine huacha koo jekundu tu, bila doa hata moja.

Hapa nitafuata njia anayopita tabibu makini katika kituo kidogo cha afya cha Pemba, penye tochi, kipimajoto, mizani na kipimo cha haraka cha malaria, pasipo na maabara ya kuotesha vimelea vya koo. Nimeshika zaidi upande wa watoto, maana kwao uamuzi ni mgumu na kosa lake ni kubwa. Mzazi akisoma atajua daktari anatafuta nini. Tabibu aliyeanza kazi karibuni atapata utaratibu wa kushika.

Kwanza, antibiotiki inalinda nini?

Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi: vya mafua, adenovirusi, vya homa ya mafua makali na jamaa zao. Bakteria mwenye uzito hapa ni mmoja, streptokokasi wa kundi A. Kwa watoto wa umri wa skuli wanaokuja na koo linalouma, yeye ndiye chanzo kwa wawili au watatu katika kila kumi. Kwa watu wazima ni pungufu, karibu mmoja katika kumi.

Na hata koo la streptokokasi, kwa watu wengi, hupona lenyewe ndani ya wiki moja. Antibiotiki hufupisha maumivu kwa wastani wa chini ya siku moja. Mzazi akielezwa hili hushangaa: basi kwa nini dawa itolewe?

Kwa sababu ya moyo. Kwa watoto wachache, hasa wa miaka 5 hadi 15, kinga ya mwili iliyoamka kupambana na streptokokasi hukosea ikaushambulia mwili wenyewe. Wiki mbili hadi nne baada ya koo kupona, viungo huanza kuvimba na kuuma, homa hurudi, na vali za moyo huweza kuungua kimya kimya. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Ikirudi mara kadhaa, vali huharibika moja kwa moja, na kijana wa miaka 20 anajikuta hawezi kupanda kilima bila kuhema, au mama mjamzito anashindwa kuvuta pumzi akiwa miezi saba. Kutoka Pemba, matibabu ya vali maana yake ni kuvuka bahari hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Penisilini hukata njia hiyo. Majaribio yaliyofanywa kwa askari wa Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950 yalionyesha kuwa anayetibiwa koo la streptokokasi hupunguziwa hatari ya baridi yabisi kwa zaidi ya theluthi mbili. Jambo la pili lililojulikana kutokana na kazi za zama hizo lina faida kubwa kwetu: kinga hiyo hupatikana hata dawa ikianza siku ya 9 tangu koo lilipoanza kuuma. Kwa hiyo, mtoto asipokuwa na dalili ya hatari, daktari ana nafasi ya kusubiri siku mbili akaangalia upya. Kusubiri huko ni sehemu ya matibabu, na mzazi aambiwe hivyo kwa maneno wazi asije akadhani amefukuzwa.

Hatua ya 1: Tafuta hatari kabla ya kumfunua mdomo

Mtazame mtoto akiwa bado mapajani mwa mama yake. Anayeketi ameinama mbele, mate yanamtoka kwa kushindwa kuyameza, na anakoroma kila anapovuta pumzi, usimtie kijiti mdomoni. Njia yake ya hewa inaweza kuziba pale pale. Muache alivyokaa, mtulize, mpe oksijeni ikiwapo, na aende hospitali na mtu wa kumhudumia njiani.

Asipokuwa hivyo, muombe afunue kinywa. Akishindwa kufunua zaidi ya upana wa vidole viwili, sauti imekuwa nzito kama ya mtu aliyejaza chakula mdomoni, na kimeo kimesukumwa upande mmoja, huo ni uvimbe wa usaha pembeni ya findo. Unahitaji kutobolewa na kumwagwa, vidonge peke yake haviutoshi.

Kuna na dondakoo. Chanjo ya penta anayopewa mtoto akiwa wiki 6, 10 na 14 ndiyo imeufanya ugonjwa huu uwe adimu, lakini asiyechanjwa bado anaweza kuupata. Madoa ya kawaida ya mafindofindo hubaki juu ya mafindo. Utando wa dondakoo ni wa kijivu, hupanda hadi kwenye kaakaa na kimeo, na ukijaribu kuubandua damu hutoka. Shingo nayo huweza kuvimba yote. Ukiuona, usiubandue, mtenge mtoto, piga simu hospitali ya wilaya na toa taarifa siku hiyo hiyo.

Pima pia malaria, maana ni homa. Hapa kuna mtego ambao ningependa kila tabibu aukumbuke. Kipimo kikitoka hapana, mkono huenda wenyewe kwenye kabati la antibiotiki, kana kwamba homa isiyo malaria lazima iwe bakteria. Kipimo kile kimejibu swali la malaria tu. Swali la koo bado halijaulizwa.

Hatua ya 2: Sikiliza ishara za virusi

Streptokokasi hukaa kooni. Hapendi kupanda puani wala kushuka kifuani. Ndiyo maana mtoto mwenye koo linalouma pamoja na mafua yanayochuruzika, kikohozi, sauti iliyokauka, macho mekundu, au kuharisha, karibu kila mara ana virusi. Vidonda vidogo vidogo vilivyotapakaa kwenye kaakaa au ndani ya mashavu navyo ni kazi ya virusi.

Streptokokasi kwa kawaida huja ghafla. Mtoto alikuwa akicheza asubuhi, jioni hamezi mate. Kichwa kinauma, tumbo linauma, huenda akatapika mara moja au mbili, na mafua hana. Wazazi wengi hulitaja tumbo kwanza na kulisahau koo, kwa hiyo mtoto wa skuli mwenye homa na tumbo linalouma asiondoke bila kutazamwa koo.

Ishara za virusi zikiwa mbili au zaidi na zikiwa dhahiri, safari ya kutafuta bakteria iishie hapo, hata kama koo ni jeupe. Nitalirudia katika mfano wa chini, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea.

Hatua ya 3: Litazame koo, kisha ishike shingo

Mkalishe mtoto akitazama mwanga wa dirisha au mumulikie tochi nzuri. Bonyeza ulimi katikati, si mwisho wake, ili asitapike. Tazama kama mafindo yamevimba, kama yana madoa au utando wa usaha. Kisha inua jicho kwenye kaakaa laini: vidoa vyekundu vidogo mno, mithili ya vichwa vya sindano, huongeza shaka ya streptokokasi. Ulimi uliojaa vichunusi vyekundu nao huongeza shaka.

Shingo huachwa na wengi, nayo ina habari nyingi. Weka vidole chini ya pembe ya taya, mbele ya msuli mkubwa wa shingo. Tezi zilizovimba hapo na zinazomuuma mtoto ukizigusa ni ishara ya streptokokasi. Kisha peleka vidole nyuma ya msuli ule. Tezi nyingi za nyuma, kwa kijana aliyechoka mno kwa wiki nzima na ambaye pengine bandama lake limevimba, hukuelekeza kwenye kirusi cha Epstini-Bari. Huyu akipewa amoksisilini, mara nyingi mwili wote hutoka vipele, na baadaye ataandikwa ana mzio wa penisilini maisha yake yote pasipo kuwa nao.

Mwisho pitisha kiganja juu ya kifua, tumbo na kwapa. Upele wa streptokokasi kwa ngozi nyeusi hauonekani wekundu wake. Unausikia mkononi, unakwaruza kama msasa. Ukiwapo pamoja na koo bovu na homa, ushahidi wa bakteria umekuwa mzito sana.

Hatua ya 4: Hesabu alama

Mwaka 1981 daktari Robert Centor na wenzake walitoa njia ya kuhesabu alama nne, na mwaka 1998 daktari Warren McIsaac akaongeza umri. Njia hiyo ndiyo inayotumika zaidi hadi leo kwa sababu haihitaji chombo chochote zaidi ya kipimajoto.

Toa alama moja kwa kila jambo hili likiwapo: homa ya zaidi ya nyuzi 38; mafindo yaliyovimba au yenye usaha; tezi za mbele ya shingo zilizovimba na kuuma; na kukosekana kwa kikohozi. Mtoto wa miaka 3 hadi 14 huongezewa alama moja. Wa miaka 15 hadi 44 haongezewi wala hapunguziwi. Wa miaka 45 na kuendelea hupunguziwa moja.

Alama 0 au 1, uwezekano wa streptokokasi ni mdogo, mmoja katika kumi au chini ya hapo, na antibiotiki haina nafasi. Alama 2, ni kati ya watu 11 na 17 katika mia. Alama 3, ni karibu theluthi moja. Alama 4 au 5, ni nusu.

Soma tena hiyo ya mwisho. Mgonjwa mwenye alama zote bado ana nafasi nusu kwa nusu ya kutokuwa na streptokokasi. Kwa hiyo alama hizi haziwezi kukuthibitishia bakteria. Uzuri wake uko upande wa pili: zinakuonyesha kwa uhakika mkubwa nani umuache bila dawa.

Hatua ya 5: Muulize mgonjwa ni nani

Alama zilezile zina maana tofauti kwa watu tofauti. Ulaya, ambako baridi yabisi imekuwa nadra, daktari anaweza kumuona mtu mzima mwenye alama 3 akamwambia anywe dawa ya maumivu na arudi. Kwetu baridi yabisi bado ipo, na kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha matumizi ya antibiotiki cha mwaka 2022 kinatenganisha maeneo kwa msingi huo huo: penye hatari hiyo, anayepewa dawa apewe kwa siku 10, pasipo na hatari, siku 5 zinaweza kutosha.

Maswali ni matatu. Ana umri gani? Chini ya miaka 3, koo la streptokokasi ni nadra na baridi yabisi ni nadra zaidi, kwa hiyo antibiotiki haistahili isipokuwa kuna sababu nyingine. Miaka 5 hadi 15 ndio umri wa kuangaliwa kwa macho mawili. La pili: amewahi kuugua baridi yabisi, au ana vali mbovu? Huyu hahesabiwi alama. Koo lake linalouma litibiwe siku hiyo hiyo, na aulizwe kama sindano yake ya kila wiki tatu au nne anaipata bila kuruka. La tatu: nyumbani mwake yupo aliyewahi kuugua baridi yabisi, au mtoto mwingine ana koo kama lake wiki hii?

Kwa mtu mzima ongeza moja. Koo, homa na vipele kwa mara moja, pamoja na tezi mwilini kote, huweza kuwa mwanzo wa maambukizi ya VVU. Mpime, na umwambie kwa nini arudie kipimo baada ya wiki kadhaa.

Hatua ya 6: Kipimo, kikiwapo

Kuna kipimo cha haraka cha streptokokasi: pamba inapitishwa juu ya mafindo yote mawili na ukuta wa nyuma wa koo, jibu linatoka kwa dakika chache. Kikisema ndiyo, kwa kawaida ni kweli. Kikisema hapana, hukosea kwa mgonjwa mmoja au zaidi katika kila kumi wenye ugonjwa. Pamba iliyogusa ulimi au mashavu tu hukosea zaidi.

Kikipatikana, kitumie kwa wenye alama 2 na 3, ambao ndio wenye utata. Usimpime mtoto mwenye mafua na kikohozi. Sababu ni hii: katika watoto wazima wasioumwa chochote, kama mmoja katika kumi hubeba streptokokasi kooni bila madhara. Ukimpima akiwa na mafua, kipimo kitasema ndiyo, nawe utamtibu bakteria asiyehusika na ugonjwa uliomleta.

Mfano: ndugu wawili, koo mbili nyeupe

Chukua mama wa Konde aliyekuja Jumatatu asubuhi na watoto wake wawili. Anasema, "Daktari, wote wawili koo zimekuwa nyeupe. Naomba sindano, hivi vidonge hawanywi."

Wa kwanza ni msichana wa miaka 8, uzito kilo 22. Alianza Jumamosi jioni ghafla. Kichwa, tumbo, alitapika mara moja. Hana mafua wala kikohozi. Joto ni nyuzi 38.7, malaria hakuna. Mafindo yamevimba yana usaha, kaakaa lina vidoa vyekundu, na ukimgusa chini ya taya anavuta shingo. Homa 1, usaha 1, tezi 1, kikohozi hakipo 1, umri 1: jumla 5.

Wa pili ni mdogo wake wa kiume, miaka 4. Joto lake ni nyuzi 39.2, juu kuliko la dada yake. Madoa kooni ni mengi zaidi. Lakini pua inachuruzika, anakohoa usiku, macho mekundu yanatoa machozi. Tezi za shingo hazimuumi. Mhesabu: homa 1, usaha 1, umri 1. Jumla 3.

Anayefuata hesabu peke yake atampa mtoto huyu antibiotiki, au atampima kwa kipimo cha haraka. Lakini hatua ya 2 ilishatoa jibu. Koo lenye madoa, macho mekundu, mafua na homa kali ndiyo sura ya adenovirusi. Alama zinafaa kwa watu ambao virusi havijajionyesha. Ukizitumia kabla ya kusikiliza ishara za virusi zitakudanganya. Na ukali wa homa si kigezo, adenovirusi huweza kupandisha joto kuliko streptokokasi.

Kwa hiyo dada anapata penisilini au amoksisilini. Kaka anapata dawa ya homa, na tarehe ya kurudi. Kwa mama inaonekana kinyume, kwa kuwa yule mwenye homa kali ndiye anayeondoka bila antibiotiki. Maelezo yake yanahitaji dakika tano, na dakika hizo zitolewe: "Mama, huyu mdogo dawa ya bakteria haimgusi mdudu wake. Ikimpa kitu, itampa kuharisha. Homa inaweza kwenda siku tatu nne. Alhamisi tunamtazama tena. Akishindwa kumeza maji, akihema kwa shida, au akilegea, usingoje Alhamisi."

Hatua ya 7: Ikistahili, itoe kamili

Streptokokasi wa kundi A hajapata kuwa sugu kwa penisilini tangu dawa hiyo ianze kutumika. Hakuna sababu ya kuanza na dawa pana au ya bei kubwa. Ampiklosi haiongezi kitu. Septrini na dawa za jamii ya tetrasaiklini hazimuondoi streptokokasi kooni ipasavyo, kwa hiyo zisitumike hata zikiwa ndizo zilizopo karibu.

Kwa mdomo, amoksisilini ni miligramu 50 kwa kila kilo kwa siku, isizidi miligramu 1,000, kwa mara moja au igawanywe mara mbili, siku 10. Msichana wetu wa kilo 22 anafikia kikomo: miligramu 500 asubuhi na 500 jioni.

Sasa tazama chupa. Dawa ya maji yenye miligramu 125 kwa mililita 5, yeye anahitaji mililita 20 kila mara, yaani 40 kwa siku. Chupa ya mililita 100 itakwisha baada ya siku mbili na nusu. Hapo ndipo matibabu mengi hukatika: mzazi amepewa chupa moja, imekwisha, mtoto amepata nafuu, basi. Ile yenye miligramu 250 kwa mililita 5 hutumia chupa mbili. Ya pili isitiwe maji mpaka ya kwanza imalizike, kwa sababu dawa ikishachanganywa haikai muda mrefu, hasa nyumba isiyo na friji. Vidonge vya 250 vinavyoyeyuka majini ni rahisi zaidi: viwili asubuhi, viwili jioni, jumla 40. Mhesabie mzazi mbele yake.

Kama kuna shaka kwamba siku 10 zitatimia, sindano moja ya benzathini penisilini humaliza kazi, na kwa kuzuia baridi yabisi ndiyo yenye uhakika mkubwa. Chini ya kilo 27 ni yuniti 600,000. Kuanzia kilo 27 ni yuniti 1,200,000. Miongozo mingine huweka mpaka kwenye kilo 30. Chupa zake huja za milioni 1.2 au 2.4, kwa hiyo msichana huyu hapewi chupa nzima. Huchomwa kwenye msuli tu. Kamwe isiingie kwenye mshipa, inaweza kuua. Vuta bomba kwanza kuhakikisha hakuna damu, sindano iwe ya tundu pana maana dawa ni nzito, na mtoto akae kituoni nusu saa huku adrenalini iko mezani.

Ombi la yule mama la sindano, kwa hiyo, lilikuwa na haki kwa mtoto mmoja kati ya wawili.

Anayesema ana mzio, muulize kilitokea nini. Kuharisha au kichefuchefu si mzio. Kuvimba midomo, kubanwa kifua au kutoka mabaka yanayowasha muda mfupi baada ya dawa ni mzio wa kweli. Huyo apewe azithromaisini miligramu 12 kwa kilo kwa siku, isizidi 500, siku 5. Streptokokasi wengine wameshakuwa sugu kwake, ndiyo maana isiwe chaguo la kwanza kwa asiye na mzio.

Hatua ya 8: Maumivu, kwa wote

Mtoto mwenye virusi na mwenye bakteria wote koo linawauma. Parasetamoli miligramu 15 kwa kilo kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku; msichana wetu anapata kama miligramu 300. Asipirini asipewe mtoto. Uji usio moto, maji ya madafu, chochote kinachopita. Mkubwa anayeweza kutema asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Asali inafaa, ila si kwa mtoto chini ya mwaka mmoja.

Kimeo kisikatwe. Kimeo huvimba kwa sababu koo zima limevimba, na hurudi kama kilivyokuwa koo likipoa. Kukikata kwa wembe au kisu huleta damu nyingi, maambukizi na pepopunda, na streptokokasi anabaki pale pale kwenye mafindo.

Baada ya hapo

Aliyeanza antibiotiki sahihi homa yake hushuka ndani ya siku mbili au tatu, na baada ya saa 24 anaweza kurudi skuli kwa kuwa haambukizi tena. Siku ya tatu homa ikiwa bado juu, usibadilishe dawa kwanza. Rudi kwenye hatua ya 1: tazama tena kama usaha umejikusanya pembeni ya findo, na jiulize kama hukukosea tangu mwanzo ukamtibu virusi.

Ambaye hakupewa dawa naye anaporudi siku ya pili au ya tatu hukaguliwa upya. Mafua yamekwisha lakini koo limezidi, tezi zimeanza kuuma? Muhesabu upya. Zile siku 9 bado hazijapita.

Mtoto anayerudi kila mwezi na "mafindofindo" huwa mara nyingi ni mbebaji wa streptokokasi anayepata mafua ya kawaida, na kumrundikia antibiotiki hakumsaidii. Kukata mafindo hufikiriwa pale mashambulio ya kweli, yenye homa na usaha au tezi, yaliyoandikwa na aliyemuona, yanapofika saba kwa mwaka mmoja, au matano kila mwaka kwa miaka miwili, au matatu kila mwaka kwa miaka mitatu. Ndiyo maana daftari la mtoto liandikwe joto, tezi na hali ya koo kila mara, badala ya neno moja tu la ugonjwa.

Na kwa mwezi mmoja baada ya koo, mzazi awe na mambo mawili ya kuangalia, hata kwa aliyetibiwa. Goti, kifundo au kiwiko kinachovimba na kuuma, kisha maumivu yahamie kiungo kingine, pamoja na homa au kuhema: huyo apelekwe hospitali kusikilizwa moyo. Mkojo uliogeuka rangi ya chai na uso unaovimba asubuhi: hapo figo zimeguswa, na kwa hili antibiotiki haina uhakika wa kulizuia, kwa hiyo kumaliza dozi kusimfanye mzazi alipuuze. Apelekwe siku hiyo hiyo, apimwe mkojo na presha.